A, an au the? Kuvitumia vijineno vitatu katika barua pepe ya Kiingereza

Benki ikikuandikia kwa Kiingereza kwamba fomu yako isainiwe na “a director”, inataka mkurugenzi yeyote wa kampuni. Ikiandika “the director”, inachukulia kwamba kampuni ina mkurugenzi mmoja tu, au inamtaka yule aliyekwisha kutajwa. Kwa Kiswahili maagizo yote mawili yangeweza kuandikwa “isainiwe na mkurugenzi”, na mambo mengine yangeeleweka kutokana na mazungumzo yaliyotangulia. Kwa Kiingereza kijineno hicho kimoja ndicho kinachoamua nani ashike kalamu, na fomu yenye sahihi isiyo sahihi hurudishwa.

Sisi tuliokulia katika Kiswahili hukosea a, an na the kwa sababu ya haki kabisa: lugha yetu haina vijineno hivyo. Lakini wazo lililo nyuma yake tunalo, na tunalitumia kila siku bila kufikiria. Kwa hiyo makala haya hayatarudia orodha ndefu za kanuni zilizomo kwenye vitabu vya shule. Yanashika maswali mawili tu, yaulizwe kwa mpangilio, kila unapoandika jina la kitu katika barua pepe ya kazi.

Je, nomino hii inaweza kusimama peke yake?

Kiingereza kina sheria moja ambayo karibu haina huruma: nomino inayohesabika, ikiwa katika umoja, haiachwi bila kitu upande wake wa kushoto. Ndiyo maana “Please send invoice” ni kosa, japo kila mtu ataelewa. Iwe “an invoice”, “the invoice” au “your invoice”, lakini si “invoice” tupu. Kosa hili la kuacha nafasi wazi ndilo linaloonekana zaidi katika barua zetu, kwa kuwa ndilo linalofuata Kiswahili neno kwa neno. Mtu husema “mimi ni mhasibu”, kisha anaandika “I am accountant”. Husema “nafanya kazi kama fundi umeme”, kisha anaandika “I work as electrician”. Kiingereza kinadai “I am an accountant” na “I work as an electrician”. Mwombaji kazi anayeikosa sentensi hiyo huikosa mahali pabaya, kwa sababu mara nyingi ndiyo ya kwanza kusomwa.

Nafasi hiyo ya kushoto hukaliwa na mmoja tu. Ukishaweka my, your, our, this au each, hapana nafasi ya the wala a. Kiswahili chetu kinaruhusu “ile barua yako”, na kutoka hapo huzaliwa “the your letter” au “that your letter”. Chagua moja: “your letter” inatosha.

Sheria hii haigusi wingi, wala haigusi vitu ambavyo Kiingereza hakivihesabu. “We sell spare parts” ni sahihi bila kijineno chochote, maana vipuri ni vingi na unazungumzia biashara yako kwa jumla. Ukiandika “We sell the spare parts”, msomaji atajiuliza ni vipuri gani hivyo alivyopaswa kuvijua. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo waliosoma kwa Kifaransa waangalie hapa zaidi, kwa kuwa Kifaransa huweka kijineno chake hata pale mtu anapozungumzia kitu kwa jumla. Ndipo sentensi kama “The patience is important in our work” inapopatikana, wakati Kiingereza kinataka “Patience is important” tu.

Penye mtego mkubwa ni vitu visivyohesabika, maana lugha zetu mbili hazikukubaliana nini kinahesabika. Sisi tuna kifaa na vifaa, mzigo na mizigo, ushauri wa kwanza na wa pili, taarifa moja na taarifa kumi. Kiingereza huchukua “equipment”, “luggage”, “advice” na “information” kama unavyochukua maji au unga: havihesabiki, havina wingi, na havipokei a wala an. “An information” ni kosa, na “informations” ni kosa pia. Hivyo hivyo “equipments”, “furnitures”, “stationeries” na “feedbacks”, ambazo zimejaa katika zabuni na oda za ofisi zetu kiasi kwamba zimeanza kuonekana sawa. Ukitaka taarifa bila kutaja ni ipi, andika “Please send us information about the price” au “some information”. Ukilazimika kuhesabu, tafuta neno la kuhesabia: “two pieces of equipment”. Na mfanyakazi mmoja si “a staff”. Neno hilo ni la wafanyakazi wote kwa pamoja. Andika “a member of staff”, au “an employee”.

Neno “kazi” lina shida yake ya pekee, kwani Kiingereza kimeligawa. Kazi ya ajira inahesabika: “I am looking for a job.” Kazi kama shughuli haihesabiki: “I am looking for work.” Anayeandika “I am looking for a work” amechanganya mawili hayo. Huwezi kukisia neno gani liko upande gani, kwa hiyo usikisie. Kamusi za Kiingereza zilizotungwa kwa ajili ya wanaojifunza, kama zile za Oxford na Cambridge, huweka herufi C au neno “countable” mbele ya maana inayohesabika, na U au “uncountable” mbele ya isiyohesabika, na zinapatikana bure mtandaoni. Kutazama alama hiyo ni kazi ya sekunde chache.

Je, msomaji anajua ni kipi?

Nomino ikishahitaji kijineno, swali la pili ndilo linaloamua kati ya a na the. Wengi hufundishwa kwamba the ni ya kitu kinachojulikana. Kinajulikana na nani? Hapo ndipo panapokosewa. Mwandishi anakijua kitu chake siku zote. Duka lake analijua, gari lake analijua, tatizo lake limemnyima usingizi. Kinachotazamwa ni msomaji. Akiisoma sentensi yako, je, ataweza kusema “aa, kile”? Kama ataweza, andika the. Kama atauliza “kipi?”, andika a au an.

Kiswahili kinakupa njia ya kujipima. Chukua sentensi yako uirudishe kwa lugha yako, kisha utazame kitenzi. “Nimepokea mzigo” na “nimeupokea mzigo” hazifanani. Ile “u” ya pili inasema mzigo huo wewe na mwenzako mnaufahamu, mlikuwa mnausubiri. Kwa Kiingereza ni “I have received the parcel.” Kadhalika “ankara nimeituma” ni ankara ambayo mwenzako aliidai: “I have sent the invoice.” Kiambishi kikikaa vizuri masikioni mwako, the ni karibu hakika. Kisipokuwepo, bado hujapata jibu, kwa sababu tunaweza kusema “nimepokea mzigo” hata kwa mzigo unaojulikana. Hapo jaribu kuongeza “mmoja” au “fulani”, kisha “ule”. Ikikubali “nimepokea mzigo mmoja”, bila maana ya kuhesabu, unahitaji a. Ikikubali “ule mzigo”, unahitaji the. Si bahati tu kwamba kipimo hiki kinafanya kazi. Katika Kiingereza cha kale, an ilikuwa ndiyo namba moja, na the ilitokana na maneno ya kuonyesha, ya jamaa ya “yule” na “ile” zetu.

Kipimo cha kiambishi kina mpaka wake, nao ni watu. Kwa binadamu tunaweka “m” kwenye kitenzi hata kama mtu hajulikani: “nimemwona daktari” inaweza kuwa daktari yeyote au daktari wetu. Kwa hiyo ukiandika kuhusu mtu, acha kiambishi, tumia “mmoja” na “yule”. “Nimezungumza na meneja mmoja” ni “I spoke to a manager.” “Nimezungumza na yule meneja” ni “I spoke to the manager.” Katika malalamiko ya mteja tofauti hiyo ni kubwa, maana katika sentensi ya kwanza ofisi italazimika kuuliza ni meneja yupi.

Mpangilio wa maneno nao unasaidia. Tunapoanza na “kuna”, kitu kinaingia kwa mara ya kwanza: “kuna tatizo” ni “there is a problem.” Tunapokiweka kitu mwanzoni mwa sentensi, mara nyingi kimekwisha kujulikana: “tatizo limetatuliwa” ni “the problem has been solved.”

Msomaji anaweza kukijua kitu hata kama hujawahi kukitaja. Kinaweza kuwa kimoja tu katika mazingira yenu, kama “the deadline” ya zabuni au “the reception” ya ofisi. Kinaweza kutambulishwa na maneno yanayofuata, kama “the invoice you sent on Monday”. Au kinaweza kutokana na kitu ulichokwisha kukisema: ukisema umeagiza bidhaa, unaweza moja kwa moja kuandika “the order”, kwa kuwa penye kuagiza pana oda. Lakini usidhani kila nomino inayofuatwa na “of” inadai the. “A copy of the contract” ni nakala moja kati ya nyingi za mkataba mmoja unaojulikana. Nakala ni a, mkataba ni the, na zote zimo katika maneno matano.

Barua moja, neno kwa neno

Tuchukue mwenye duka la vifaa Dar es Salaam anayemwandikia muuzaji wake wa Dubai. Aliagiza pampu ya maji na waya, boksi limefika, pampu haimo. Anaandika hivi:

```
Dear Sales Team,

I am owner of the small shop in Dar es Salaam.
Last week I ordered water pump and ten rolls
of cable from the your company. Yesterday I
received box, but pump was not in box. Please
send me an information about pump. If there is
the problem with order, I will accept refund.
```

Sentensi ya kwanza ina makosa mawili yanayokwenda kinyume. “Owner” ni nomino ya umoja inayohesabika, nayo imeachwa tupu. Iwe “the owner” kama duka ni la mtu mmoja, kwa sababu duka hilo lina mwenyewe mmoja na “of” inamtambulisha. Iwe “an owner” tu kama ni mmoja wa wabia. Kwa upande wa duka, mwandishi ameweka the kwa sababu yeye analijua. Msomaji wa Dubai halijui, ndiyo kwanza analisikia. Ni “a small shop”.

“Water pump” inatajwa mara ya kwanza, basi “a water pump”. “Ten rolls” ni wingi na ina namba, iachwe ilivyo. “Cable” hapa haihesabiki, zinahesabiwa roli. “The your company” inabaki “your company”.

Boksi linahitaji kufikiriwa kidogo. Kama muuzaji alituma maboksi kadhaa, au huna hakika kama anajua limeshatumwa, andika “a box”. Kama alikwisha kukuarifu kwamba ametuma boksi moja, “the box” ndiyo sahihi, maana atajua ni lile. Zote mbili ni Kiingereza kizuri, ila zinasema mambo mawili tofauti, na anayejua lipi ni kweli ni wewe, si mwalimu wa sarufi. Tuchukue kwamba hakuarifu. Pampu sasa ni ya pili kutajwa, kwa Kiswahili tungesema “pampu hiyo haikuwemo”, kwa hiyo “the pump was not in it”. Ona kwamba “it” imeondoa haja ya kurudia boksi.

“Information” haipokei an. “About the pump”, kwa kuwa ni ile ile. “There is” ni “kuna” yetu, basi “a problem”. “Order” haijatajwa kama nomino, lakini ameshasema “I ordered”, kwa hiyo “the order”. “Refund” ni jambo jipya analolipendekeza, nayo inahesabika: “a refund”. Angeandika “the refund”, muuzaji angeweza kudhani pana marejesho yaliyokwisha kuahidiwa, akaanza kutafuta ni nani aliyeahidi.

```
Dear Sales Team,

I am the owner of a small shop in Dar es Salaam.
Last week I ordered a water pump and ten rolls
of cable from your company. Yesterday I received
a box, but the pump was not in it. Please send
me information about the pump. If there is a
problem with the order, I will accept a refund.
```

Katika mstari wa mada, ule wa juu ya barua, vijineno hivi huruhusiwa kuachwa, kama wanavyoviacha waandishi wa vichwa vya habari. “Missing pump in last week's order” inatosha. Ruhusa hiyo inaishia hapo. Haishuki kwenye barua yenyewe.

A au an: sikiliza, usitazame

Hili ni jepesi kwa mtu wa Kiswahili kuliko wengi wanavyodhani. Kinachoamua ni sauti ya kwanza ya neno linalofuata, na tahajia yetu huandika sauti jinsi inavyosikika. Basi liandike neno la Kiingereza kwa tahajia ya Kiswahili. “Hour” ni awa, inaanza na irabu: “an hour”. “University” ni yunivasiti, inaanza na y: “a university”. “One” ni wan, kwa hiyo “a one-year contract”. “Honest” ni onesti, “an honest mistake”. “European” ni yuropian, “a European company”.

Vifupisho vinafuata njia hiyo hiyo. LPO husomwa el-pi-o, basi “an LPO”. Risiti ya EFD inaanza na i: “an EFD receipt”. HR ni eichi-aa, “an HR officer”, na NGO ni en-ji-o, “an NGO”. Lakini PDF ni “a PDF”, CV ni “a CV”, na TIN, inayosomwa kama neno moja, ni “a TIN”. Tarakimu nazo zina sauti. Kodi ya ongezeko la thamani ya Tanzania Bara kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 18, na 18 ni eitini: “an 18% tax”. Ya Kenya ni asilimia 16, sikstini: “a 16% tax”.

Kumbuka ni neno linalofuata mara moja, hata kama si nomino. “An invoice”, lakini “a new invoice”. “A report”, lakini “an urgent report”.

Kuna a nyingine ndogo ambayo ikidondoka hupindua maana. “I have a few questions” ni nina maswali kadhaa, nijibu. “I have few questions” ni sina maswali mengi, karibu sina. Ukimwandikia mteja “We have few rooms available” wakati una vyumba vya kutosha, umemwambia atafute kwingine. “A little” na “little” ni hivyo hivyo kwa vitu visivyohesabika.

Majina ya taasisi na nchi nisiyakalie sana. Jina lenye “of” au lenye neno la kawaida la wingi au la muungano huchukua the: “the University of Dar es Salaam”, “the Ministry of Health”, “the United States”, “the UAE”. Lililoanza na jina la mahali au la mtu mara nyingi halichukui: “Makerere University”, “Mombasa”. Kwa taasisi usiyoijua, tazama yenyewe inavyojiandika ndani ya sentensi katika barua zake, uige.

Kabla ya kutuma, usisome barua kutoka juu, kwa kuwa macho yatafuata maana na kuruka nafasi zilizo wazi. Anza sentensi ya mwisho upande juu, na katika kila sentensi tafuta nomino peke yake, kisha utazame kushoto kwake. Umoja unaohesabika ulio tupu, ujaze. Kila the utakayoikuta, ulizia kama msomaji anajua ni kipi. Barua ya mistari kumi haichukui dakika mbili.

Na ukikwama kweli, saa ya kutuma imefika na hujui kama ni a au the, usibahatishe. Badili sentensi: weka “your” au “our” kama kitu kina mwenyewe, weka wingi kama unazungumzia vitu kwa jumla, au mtajie msomaji namba na tarehe ya kitu chenyewe, “your invoice dated 3 March”, asibaki na swali la kuuliza.